Saa Limoja: Barua ya Mgeni kwa Mtunzaji wa Programu

Ukifungua tovuti iliyowekwa Kiswahili ukakuta chini ya ujumbe wa mtu maneno “tokea saa limoja”, usimlaumu haraka mwenye tovuti. Huenda hajui hata kwamba maneno hayo yapo. Watengenezaji wengi wa tovuti hawaandiki wenyewe msimbo wa kugeuza saa na tarehe kuwa maneno. Huchukua maktaba iliyokwisha kuandikwa na wengine, wakaiambia lugha wanayoitaka, basi.

Day.js ni mojawapo ya maktaba hizo. Imeandikwa kwa lugha ya JavaScript, ni programu huria, na ilifuata nyayo za maktaba ya zamani zaidi iitwayo Moment.js, ambayo watunzaji wake walitangaza mwaka 2020 kwamba hawataiongezea mambo mapya. Ndani ya Day.js kila lugha ina faili lake dogo. La Kiswahili ni `src/locale/sw.js`, na ndani yake, kama ilivyokuwa kwenye Moment.js, imesambazwa mistari hii miwili:

```
h: 'saa limoja',
hh: 'masaa %d',
```

Herufi `h` husimamia muda wa saa moja, na `hh` husimamia saa nyingi, ambapo alama `%d` hubadilishwa na tarakimu. Kabla ya maneno hayo maktaba huweka neno “tokea” kwa mambo yaliyopita, au huongeza “baadaye” mwishoni kwa mambo yajayo. Ndiko “tokea saa limoja” ilikotoka.

Kosa kama hilo linaweza kudumu muda mrefu kwa sababu halionekani mara kwa mara. Maktaba hutumia `h` pale tu tukio linapokuwa na umri wa dakika 45 hadi 89. Likiwa na dakika 44 utasoma “tokea dakika 44”, na likifika dakika 90 utasoma “tokea masaa 2”. Anayefungua tovuti nje ya dirisha hilo hakutani na “limoja” hata siku moja, na anayekutana nalo hucheka akaendelea na shughuli zake.

Kwa kuwa programu ni huria, yeyote anaweza kulirekebisha. Lakini hakuna anayeruhusiwa kuingia na kufuta herufi mbili kwenye nakala ya asili. Hutengeneza nakala yake, hurekebisha humo, kisha hutuma ombi la kuunganisha marekebisho yake na kazi ya mradi. Kwenye tovuti ya GitHub, ambako mradi huu unakaa, ombi hilo huitwa `Pull request`, na huambatana na kisanduku kitupu cha maelezo. Maelezo hayo ndiyo barua ya mchangiaji kwa mtunzaji, na kwa mgeni ndiyo sehemu ngumu kuliko msimbo wenyewe.

## Anayesoma hajui lugha yako

Tumtazame anayeipokea barua. Mtunzaji wa maktaba yenye lugha nyingi kiasi hiki hawezi kuzijua zote. Anachoona ni mtu asiyemfahamu, ambaye hajawahi kuchangia chochote, akiomba kufuta herufi “l” na “i” kwenye neno la lugha asiyoisoma. Kwake ombi zuri na ombi baya hufanana kabisa. Mtu mwingine anaweza kuja wiki ijayo akaomba herufi zilezile zirudishwe, naye akaapa kwamba Kiswahili ni lugha ya mama yake.

Majaribio ya kompyuta nayo hayamsaidii mtunzaji hapo. Mradi una majaribio yanayopita kwenye kila faili la lugha na kuangalia kama funguo zinazotakiwa zipo, kwa mfano kama kuna `h`, `hh`, `d` na nyinginezo. Hayajui kama maneno yaliyowekwa ni fasaha. “Saa limoja” hupita, “saa moja” hupita, na hata matusi yangepita.

Kwa hiyo barua inayosema “nimerekebisha kosa la kisarufi, tafadhali ikubali” inamtaka mtunzaji aamini tu. Akiwa mwema ataamini, akiwa mwangalifu ataliacha ombi likae. Barua inayofanya kazi humpa njia ya kuhakiki kwa macho yake mwenyewe, humwonyesha mpaka wa kilichobadilishwa, na humuuliza maswali anayoweza kuyajibu.

## Kabla ya kuandika

Kazi ya kwanza ni kutafuta kama kuna aliyetangulia. Kwenye ukurasa wa mradi hutafutwa maneno `sw` na `Swahili` katika maombi yaliyo wazi na yaliyofungwa, na faili la leo husomwa upya, kwa sababu toleo ulilonalo kwenye kompyuta yako linaweza kuwa la zamani. Maombi yaliyofungwa yana faida yake: kama mtu alikwisha kuomba jambo hilo akakataliwa, sababu utaikuta humo.

Baada ya hapo hutengenezwa nakala kwenye akaunti yako, kisha unaishusha kwenye kompyuta na kufungua tawi la kazi. Day.js hupokea michango kwenye tawi liitwalo `dev`, kwa hiyo tawi lako huanzia hapo.

```
git clone https://github.com/JINA-LAKO/dayjs.git
cd dayjs
git switch -c saa-moja-sw origin/dev
npm install
npm test
```

Amri ya mwisho huendesha majaribio yote kabla hujagusa chochote. Inafaa kuvumilia muda wake. Baadhi ya majaribio ya Day.js hurudiwa huku saa ya kompyuta ikidanganywa kuwa iko Auckland, kisha London, kisha kwingineko, kwa sababu maktaba ya tarehe inaweza kufanya kazi vizuri mahali pamoja ikaharibika pengine. Jaribio likianguka sasa, kabla ya mkono wako kugusa faili, unajua kosa si lako, na utalisema hilo kwenye barua badala ya kulihangaikia.

Kisha unafuta herufi mbili, na hapa wageni wengi huingia kwenye mtego wasiouona. Baadhi ya programu za kuandikia msimbo hupanga upya faili zima unapolihifadhi: hubadilisha nafasi, alama za nukuu, hata alama zisizoonekana za mwisho wa mstari. Mtunzaji akifungua ombi la kurekebisha neno moja hukuta faili zima limepakwa rangi nyekundu na kijani, naye hawezi tena kuliona neno lenyewe. Kujua ni rahisi. Jibu la amri `git diff --stat` linapaswa kuishia na mstari huu:

```
1 file changed, 1 insertion(+), 1 deletion(-)
```

Ikionyesha mistari mingi kuliko hapo, rudisha faili lilivyokuwa, zima upangaji wa moja kwa moja, uanze upya. Ukishatosheka ndipo unaongeza jaribio dogo la kulinda neno hilo, lisirudi tena bila mtu kujua.

## Barua yenyewe

Barua halisi ingeandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo watu wa mradi huu huwasiliana kwayo. Hapa tunaiandika kwa Kiswahili ili tuone imejengwa vipi. Ni barua ya mfano, na kichwa chake kinaanza na `fix:` kwa sababu ndivyo mradi huu unavyotambulisha marekebisho ya kasoro.

*

fix: sahihisha maneno ya saa moja katika Kiswahili [sw]

Ndugu watunzaji,

Habari za kazi. Hili ni ombi langu la kwanza katika mradi huu, na Kiswahili ndiyo lugha niliyokua nayo.

Katika `src/locale/sw.js`, ufunguo `h` una maneno `saa limoja`. Inapaswa kuwa `saa moja`. Kosa huonekana tukio linapokuwa na umri wa dakika 45 hadi 89. Mnaweza kuliona hivi:

```
const dayjs = require('dayjs')
require('dayjs/locale/sw')
dayjs.extend(require('dayjs/plugin/relativeTime'))
dayjs().subtract(1, 'hour').locale('sw').fromNow()
// 'tokea saa limoja'
```

Nimebadilisha mstari mmoja na kuongeza jaribio moja linalotarajia `tokea saa moja`.

Hamhitaji kujua Kiswahili ili kuhakiki. Kwenye faili hilohilo, dakika na siku zimeandikwa `dakika moja` na `siku moja`, ilhali mwezi na mwaka zimeandikwa `mwezi mmoja` na `mwaka mmoja`. Kiswahili hugawa nomino katika makundi, na namba moja hufuata kundi la nomino. Swali ni saa iko kundi gani. Kivinjari chenu kina jibu, kwa kuwa hubeba data ya lugha ya Unicode:

```
const f = new Intl.RelativeTimeFormat('sw')
f.format(-1, 'minute') // dakika 1 iliyopita
f.format(-1, 'hour')   // saa 1 iliyopita
f.format(-1, 'day')    // siku 1 iliyopita
f.format(-1, 'month')  // mwezi 1 uliopita
f.format(-1, 'year')   // mwaka 1 uliopita
```

Neno la mwisho linaanza na `i` kwa dakika, saa na siku, na linaanza na `u` kwa mwezi na mwaka. Saa iko pamoja na dakika na siku, kwa hiyo inachukua `moja` kama hizo.

Sikuugusa ufunguo `hh`, wenye `masaa %d`, na nimefanya hivyo makusudi. Mtaona kwamba data ya Unicode hutumia `saa` hata kwa wingi. Lakini katika Kiswahili `saa 3` ni pia jina la saa ya siku, yaani saa tisa asubuhi kwa hesabu yenu. Kwa kuwa kiolezo cha faili hili huanza na `tokea`, `tokea saa 3` ingesomeka kama “kuanzia saa tisa asubuhi”. Neno `masaa` linazuia mkanganyiko huo.

Mkanganyiko kama huo unabaki kidogo kwenye `tokea saa moja` hata baada ya badiliko langu. Kuuondoa kabisa kunahitaji kubadilisha kiolezo `past`, jambo ambalo litagusa dakika, siku, miezi na miaka pia. Sikutaka kuliingiza hapa.

Ningependa maoni yenu juu ya mambo mawili. Jaribio nimeliweka katika faili jipya, `test/locale/sw.test.js`. Je, hapo panafaa au mna mahali pengine? Na kuhusu kiolezo `past`, mngependa nifungue mjadala kwanza, au nilete ombi la pili moja kwa moja?

`npm test` ilipita kwenye kompyuta yangu kabla na baada ya badiliko.

Asanteni.

*

## Ushahidi usiohitaji lugha

Kiini cha barua hii ni aya inayoanza na “Hamhitaji kujua Kiswahili”. Mwandishi angeweza kutaja ngeli, akaeleza kwamba saa iko katika I-ZI. Angeweza kuongeza kwamba hata nomino za LI-YA husema tunda moja na jicho moja, kwa hiyo “limoja” halina makao katika Kiswahili sanifu. Yote hayo ni kweli, lakini mtunzaji hawezi kuyapima. Angekuwa anaongeza maneno ya kuaminiwa juu ya maneno ya kuaminiwa.

Badala yake ametumia vitu viwili ambavyo mtunzaji anavyo tayari. Kwanza ni mistari jirani ya faili hilohilo, ambayo mradi uliikubali zamani. Pili ni data ya Unicode, ambayo vivinjari vya kisasa hubeba ndani yake na inayotunzwa na watu wengine kabisa. Mtunzaji hufungua kivinjari, hubandika mistari michache, na huona makundi mawili yakijitenga yenyewe. Kwa muda mfupi anakuwa amehakiki sarufi ya lugha asiyoijua, wala hakumtegemea mgeni.

Ushahidi huo una mpaka, nao mpaka huo ndio unaoifanya barua iaminike. Data ya Unicode inaandika tarakimu “1”, haiandiki “moja”. Haithibitishi neno lenyewe, inathibitisha tu kwamba saa inafuata njia moja na dakika na siku. Neno “moja” linatoka kwenye mistari jirani. Mwandishi ameunganisha vipande viwili waziwazi, ili anayetaka kupinga ajue apinge kipi.

## Kwa nini “masaa” yameachwa

Mchangiaji mwenye bidii angeshawishika kusafisha faili lote kwa mkupuo. Walimu wa Kiswahili wamesahihisha “masaa” kuwa “saa” kwenye madaftari kwa miaka mingi, na kwa kipimo cha darasani wana haki. Lakini hapa marekebisho hayo yangeleta hitilafu kubwa kuliko inayoondolewa. Msomaji akiona “tokea saa 3” chini ya tangazo la kukatika maji, ataelewa maji yamekatika tangu saa tatu. Kama anasoma saa kumi jioni, amepotoshwa kwa muda mrefu, na sentensi aliyoisoma haina kosa lolote la sarufi.

Hata “limoja” huenda lilizaliwa na hitaji hilohilo. Mitaani watu husema “lisaa limoja” wakitaka kusisitiza muda mzima uliopita, wasichanganywe na saa moja ya asubuhi au ya jioni. Na “tokea” nayo ina mantiki yake. Kama tafsiri ingetumia “iliyopita”, mwisho huo ungelazimika kubadilika: saa moja iliyopita, dakika tano zilizopita, mwezi mmoja uliopita, miezi mitatu iliyopita. Kiolezo cha kawaida cha maktaba kina nafasi ya umbo moja tu la “past” kwa vipimo vyote. Neno linalotangulia na lisilofuata ngeli, kama “tokea”, linakwepa tatizo lote hilo.

Day.js inaruhusu mahali pa `past` pawekwe kazi ya msimbo badala ya maneno matupu, kwa hiyo upatanisho huo unawezekana. Lakini ni kazi nyingine, yenye majaribio mengi zaidi na mjadala wa wasemaji wengi. Ndiyo maana barua imeutaja na kuuacha. Ombi lenye mambo matatu husubiri lile gumu kuliko yote likubaliwe, na kosa lisilo na ubishi hukaa foleni nyuma ya jambo lenye ubishi.

## Maswali na majibu

“Tafadhali kagua” ni ombi ambalo halimwambii mkaguzi aangalie wapi. Maswali mawili ya barua yetu yanajibika kwa sentensi moja kila moja, na yote yanahusu mambo ambayo mtunzaji anayajua kuliko mgeni: desturi ya kuweka majaribio, na utaratibu wa kuanzisha mabadiliko makubwa. Mgeni hakumuuliza kama “saa moja” ni sahihi, kwa sababu hilo ni jukumu lake yeye aliyeileta.

Tuseme jibu linakuja: jaribio lihamishwe kwenye faili ambalo tayari lipo. Mgeni hafungi ombi na kufungua jipya. Hufanya badiliko kwenye tawi lilelile, hulihifadhi kama hatua mpya, kisha hulituma kwa `git push`. Ombi hujisasisha lenyewe, na mkaguzi huona kilichoongezeka tangu asome mara ya mwisho. Baadhi ya wageni hupenda kufuta hatua za kwanza ili historia ionekane nadhifu. Ukaguzi ukiwa katikati hilo humsumbua msomaji, maana maoni yake yanaweza kubaki yakining'inia kwenye mistari ambayo haipo tena. Unadhifu huo unaweza kufanywa mwishoni, na mara nyingi mtunzaji huzikunja hatua zote kuwa moja anapounganisha.

Tuseme maoni mengine yanatoka kwa Mswahili mwenzake, naye anasema kwao wanasema “lisaa limoja”, hivyo neno libaki na liongezewe tu “li” mbele. Hili ni pingamizi lenye uzito, halistahili kejeli. Jibu linaloeleweka kwa wote waliopo, hata wasiojua lugha, ni kurudi kwenye kipimo ambacho barua ilianza nacho: “Ni kweli, ndugu yangu, mitaani tunasema hivyo. Lakini faili hili linasomwa Mombasa, Bukavu na Zanzibar, na maneno yake mengi ni ya Kiswahili sanifu. Tukitaka kutenganisha muda na saa ya siku, nadhani pa kufanyia ni kwenye kiolezo cha `past`, na ningefurahi tukikifanya pamoja.” Mtunzaji anayesoma pembeni huona wasemaji wawili wanatofautiana kuhusu jinsi ya kutatua mkanganyiko, ilhali wote wamekubaliana kwamba “saa limoja” ilivyo sasa haifai. Hilo linamtosha kuamua.

Lakini jambo la kawaida kuliko yote ni kimya. Watunzaji wengi wa programu huria hufanya kazi hii baada ya kazi zao, na ombi linaweza kukaa bila neno. Kimya si kukataliwa. Baada ya muda wa kutosha mgeni anaweza kuandika mstari mmoja chini ya ombi lake, nao ufanye kazi zaidi ya kukumbusha: aseme kwamba ameliunganisha tawi lake na `dev` ya leo, majaribio bado yanapita, na badiliko bado ni mstari mmoja pamoja na jaribio. Mtunzaji akirudi hukuta ombi liko tayari, wala halihitaji kufufuliwa.

## Baada ya kukubaliwa

Kuunganishwa kwa ombi hakubadilishi neno kwenye simu ya mtu siku hiyo. Badiliko huingia `dev`, husubiri toleo jipya la maktaba litolewe, kisha husubiri kila mwenye tovuti alichukue. Miradi mingi huandika toleo kamili inalolitumia katika faili kama `package-lock.json`, ili programu isibadilike yenyewe bila wao kujua. Tovuti ambayo haijaguswa itaendelea kusema “saa limoja” hata kama maktaba ilikwisha kusahihishwa zamani.

Mwenye tovuti asiyetaka kusubiri ana njia ya muda. Day.js ina kiongezi kiitwacho `updateLocale`, kinachomruhusu kuweka maneno yake juu ya yale ya faili. Atambue tu kwamba anapoweka upya `relativeTime` lazima aandike orodha nzima, kuanzia sekunde hadi miaka, kwa maana orodha mpya hubadilisha ile ya zamani yote. Na siku atakapochukua toleo lililosahihishwa auondoe mstari huo. Ukibaki, utaendelea kuyafunika maneno ya maktaba, pamoja na masahihisho yote ambayo wachangiaji wengine watayaleta baadaye.